Mashine inawaka lakini vitufe havisikii: kabla hujamwita fundi, angalia kufuli

Wiki iliyopita mteja mmoja alitutumia video ya sekunde kumi na kitu. Mashine yake ya kufulia imewaka, taa zote ziko hai, lakini kila akibonyeza kitufe cha kuanza inalia "tii-tii" kisha inanyamaza. Kwenye kioo kuna herufi mbili: `CL`. Aliyeitazama kabla yetu alishamwambia bodi, yaani saketi inayoiongoza mashine, imekufa, inunuliwe nyingine.

"Mama, umeshajaribu kuichomoa?" nikamuuliza.

"Nimeichomoa tangu jana usiku, fundi. Nimeirudisha asubuhi, hali ni ile ile. Ndiyo maana nikaamini imeungua."

Bodi haikuwa imekufa. Ukitazama ile video kwa utulivu utaona ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa: ilisikia kitufe, ikalia, ikaonyesha kwa nini inakataa. Bodi iliyokufa haina adabu ya kukujibu. `CL` ni kifupi cha Child Lock, yaani kufuli la watoto, na kwenye mashine nyingi za LG na Samsung ndicho utakachokiona vitufe vikifungwa. Watu huzisoma herufi hizo kama namba ya hitilafu kwa sababu zinatokea mahali pale pale panapotokea hitilafu za kweli.

Kilichompotosha zaidi ni kule kuchomoa plagi. Tumezoeshwa na simu na redio kwamba kifaa kikigoma unakizima, unasubiri, unakiwasha, kinasahau. Kufuli la watoto halisahau. Kwenye mashine nyingi hali ya "nimefungwa" inaandikwa katika chipu ndogo ya kumbukumbu isiyohitaji umeme kutunza kilichomo. Ukiacha mashine bila umeme mwezi mzima, ukiirudisha itaamka imefungwa. Nayo imetengenezwa hivyo kwa makusudi: kama kuchomoa kungetosha, mtoto wa miaka minne angelifungua mara ya kwanza tu kuchezea swichi ya ukutani.

Kitufe kimoja huachwa nje ya kufuli hilo, nacho ni cha kuwasha na kuzima. Hii ni dalili nzuri ya kutofautisha. Mashine ikikubali kuzimika na kuwaka lakini ikakataa kila kitu kingine, shuku kufuli kwanza. Ikiwa kitufe kimoja tu, tuseme cha joto la maji, ndicho kimegoma na vingine vinaitika, hapo kimekufa kitufe chenyewe. Na ikiwa hakuna taa, mlio wala mwanga, tatizo liko kwenye umeme au bodi, na habari ya kufuli haikuhusu.

Sasa, namna ya kufungua. Kila kampuni ina yake, lakini ukijua mtengenezaji alikuwa anafikiria nini, nusu ya kazi imeisha. Alihitaji kitendo ambacho mtu mzima anakiweza kwa urahisi lakini mtoto anayebonyeza hovyo hawezi kukifanya kwa bahati. Mtoto anagusa na kuachia haraka, tena kwa kidole kimoja. Kwa hiyo njia ya kwanza, na ndiyo ya kawaida kuliko zote, ni kushikilia kitufe kimoja muda mrefu, mara nyingi sekunde 3, na kwenye baadhi ya vifaa hadi 5. Njia ya pili ni kushikilia vitufe viwili kwa pamoja. Ya tatu ni kubonyeza kitufe kile kile mara kadhaa mfululizo: mikrowevu nyingi za Panasonic hufungwa kwa kubonyeza Start mara tatu, na hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe cha kusimamisha mara tatu. Zingatia hapo kwamba kinachofunga sicho kinachofungua. Kwenye mashine za kufulia kawaida kitendo ni kile kile kwenda na kurudi.

Kitufe chenyewe utakijuaje? Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu mara chache kinakuwa na jina lake peke yake. Kinapanga nyumba moja na kitufe kingine. Tafuta alama ndogo ya kufuli, ya ufunguo, au ya uso wa mtoto, iliyochapwa chini au pembeni ya kitufe cha kawaida kama cha joto au cha kukamua. Pembeni yake mara nyingi kumeandikwa `3 sec`, maana yake shikilia sekunde tatu. Kama alama imekaa katikati ya vitufe viwili, au kuna kamstari kanakoviunganisha, basi vyote viwili vinashikiliwa pamoja. Washa tochi ya simu uimulike paneli kwa pembeni. Maandishi haya ni madogo na hufutika mapema. Kwenye mikrowevu nyingi ambazo hazina alama yoyote, kitufe cha Stop au Cancel ndicho cha kujaribu kwanza, kwa kushikilia sekunde tatu hadi nne.

Yule mama alama yake ilikuwa katikati ya vitufe viwili. Nikampigia, akaweka simu kwenye spika.

"Iwashe kwanza. Usibonyeze kitu kingine chochote. Umekausha vidole?"

"Vimekauka."

"Haya, viwili kwa mpigo, uvikandamize, uhesabu polepole hadi tatu."

Jaribio la kwanza likashindikana. Nilisikia mlio mara mbili zilizopishana, nikajua kimoja kimetangulia. Paneli ikiona kitufe cha kwanza peke yake inakichukulia kama ombi la kawaida, inalikataa kwa mlio, na hesabu ya sekunde haianzi. Jaribio la pili alitumia vidole gumba viwili, vikashuka pamoja, na tukasikia mlio mmoja mrefu. `CL` ikapotea. Lakini hakuachia! Alikuwa bado ameshikilia kwa furaha, na sekunde chache baadaye ikarudi. Hilo ni kosa la pili tunalolikuta sana, maana kwenye baadhi ya paneli kitendo kinachofungua ndicho kinachofunga, na ukiendelea kukandamiza hesabu inaanza upya. Ukisikia mlio na alama ikazimika, toa vidole hapo hapo. Mara ya tatu akatoa, na mashine ikaendelea na ufuaji ulioachwa katikati.

Ilikuwaje ikajifunga? Aliifuta paneli kwa kitambaa chenye maji ikiwa imewaka. Paneli za kugusa hazipimi nguvu ya kidole, zinapima mabadiliko madogo ya umeme juu ya kioo, na kitambaa chenye maji huonekana kwao kama kidole kipana kilichotulia juu ya vitufe viwili. Jiko la umeme la kioo lina tabia hiyo hiyo: maji ya sufuria yakifurika yakatulia juu ya alama ya ufunguo, jiko linaweza kulia, kujizima au kujifunga. Likikufanyia hivyo, kausha kabisa kwanza ndipo ushikilie alama ya ufunguo. Ukibonyeza juu ya maji unapoteza muda.

Mashine zenye kirungu cha kuzungusha zina mtego wake. Kufuli halizuii kirungu kuzunguka, linazuia tu kisisikilizwe. Mtoto amekizungusha kutoka pamba hadi sufi, programu ndani bado ni ya pamba. Kwenye mashine nyingi za Bosch alama ya ufunguo itaanza kumweta kukujulisha kwamba kirungu hakiko pale kilipokuwa ulipofunga. Kirudishe kwenye programu ya mwanzo kabla ya kufungua, la sivyo inaweza kudhani umeamua kubadilisha na kuacha ufuaji uliokuwa ukiendelea.

Kuna kufuli lingine watu hulichanganya na hili, nalo ni la mlango. Mlango wa mashine inayojazwa nguo kwa mbele ukikataa kufunguka baada ya kazi kuisha, usianze kushikilia vitufe. Kwenye mashine nyingi ndani ya komeo la mlango kuna kipande kinachopashwa joto na umeme ili kishike, na kinahitaji dakika moja au mbili kupoa ndipo kiachie. Kikipita muda huo na bado umefungwa, angalia kama kuna maji ndani ya kioo. Mashine haifungui mlango ikihisi maji, na hapo shida ni pampu au bomba la kutolea maji.

Tufike kwenye kesi ambazo kweli zinahitaji fundi. Iliyo ngumu kuigundua ni ya kufuli linalojirudisha lenyewe. Tuliletewa mikrowevu iliyokuwa inafunguka vizuri, lakini baada ya muda mfupi inajifunga bila kuguswa. Mwenye nayo aliamini mtoto wake ana mkono mwepesi. Mikrowevu hiyo ilikuwa na vitufe vya plastiki laini, na chini ya plastiki hiyo mna tabaka mbili zenye mistari ya kupitisha umeme ambazo hukutana pale unapobonyeza. Mvuke wa chakula ulikuwa umeingia chini ya kitufe cha Stop na tabaka zikagandana. Tulipochomoa utepe wa vitufe kutoka kwenye bodi na kupima kwa mita, njia ya Stop ilikuwa imeunganika bila mtu kubonyeza, huku nyingine zote zikiwa wazi. Kwa bodi, hicho ni kidole ambacho hakijaondoka, na kidole kinachoshikilia Stop zaidi ya sekunde tatu maana yake ni "funga". Bodi ilitii tu. Tulibadilisha paneli ya vitufe, bodi ikabaki ile ile.

Kinyume chake pia hutokea: kitufe cha kufungulia kimekufa, basi kufuli haliwezi kutoka hata ufuate maelekezo neno kwa neno. Dalili yake ni kwamba ukibonyeza vitufe vingine mashine inalia kukataa, lakini ukibonyeza kile chenye alama hailii kabisa. Ukifika hapo, acha kukandamiza kwa nguvu zaidi. Na kama ni mikrowevu, usifungue kifuniko chake hata ikiwa imechomolewa, kwa sababu kapasita yake inaweza kubaki na chaji inayoua.

Ukitaka tukusaidie kwa simu bila kuibeba mashine, tutumie vitu viwili: picha ya kibandiko chenye namba ya modeli, ambacho kwenye mashine ya kufulia kawaida kiko kwenye ukingo wa mlango au mgongoni, na video fupi ukibonyeza vitufe vitatu vinne tofauti, sauti ikiwa wazi. Mlio ndio tunaousikiliza kwanza.