Gari limeondoka, saa za maegesho zinaendelea kuhesabiwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nieleze kasoro moja ya maegesho yanayolipiwa kwa simu hapa Kampala, kwa kuwa madereva wengi huilipia bila kujua chanzo chake wala njia ya kuipinga.

Katika maegesho ya aina hii, kamera husoma namba ya gari mlangoni na mfumo huanza kuhesabu saa. Hesabu hiyo haifungwi na malipo peke yake, bali hufungwa pale kamera ya kutokea inaposoma namba ileile na kizuizi kikainuka kwa amri ya mfumo. Umeme ukikatika, mtandao ukizorota au namba ikiwa na tope, mlinzi hukiinua kizuizi kwa mkono ili foleni isiongezeke, na kwa hilo hafanyi kosa lolote. Tatizo ni kwamba kwenye kumbukumbu za mfumo gari hilo bado limo ndani.

Ndivyo ilivyonitokea. Niliingia saa 3:05 asubuhi, nikatoka saa 5:20, na kwa kiwango cha shilingi 1,000 kwa kila saa, au sehemu ya saa, nikalipa shilingi 3,000. Mlinzi aliniinulia kizuizi kwa mkono. Kesho yake nilirudi saa 2:50 asubuhi, na skrini ikaonyesha kwamba nina deni la shilingi 21,000. Ukipiga hesabu, kiini chake kinaonekana mara moja: tangu saa 3:05 ya jana hadi wakati ule ni saa 23 na dakika 45, zinazotozwa kama saa 24, yaani shilingi 24,000, ukiondoa 3,000 nilizokwisha kulipa. Deni linalolingana hivi na muda kati ya kuingia kwako mara mbili ni dalili ya wazi kwamba kutoka kwako hakukuandikwa. Likiwa halilingani kabisa, shuku kwamba kamera imesoma gari la mtu mwingine, na uombe kuonyeshwa picha ya namba iliyosomwa, maana herufi B na tarakimu 8 huchanganywa kwa urahisi.

Madereva wengi wanapofika hapo hupigia simu kampuni ya mtandao wakitaka fedha zirudishwe. Kampuni hiyo inaweza kuthibitisha tu kwamba fedha zilihama, kwani haina namna ya kujua gari lilikuwa wapi. Malalamiko ya saa zilizozidi yanapaswa kupelekwa kwa msimamizi wa maegesho, kwa maandishi, yakitaja namba ya gari, saa ya kuingia, saa ya kutoka na namba ya muamala wa malipo ya kwanza. Ambatanisha pia ushahidi kwamba ulikuwa kwingine. Mimi nilikuwa na stakabadhi ya tozo ya kituo cha Kajjansi, kwenye barabara ya mwendo kasi ya Kampala–Entebbe, iliyochapwa saa 6:07 mchana, wakati mfumo ukidai gari langu limeegeshwa mjini. Stakabadhi kama hiyo peke yake haitoshi ikiwa haionyeshi namba ya gari. Kwa hiyo niliomba pia picha za kamera ya ulinzi ya mlangoni kwa saa 5:20, na niliomba mapema, kwa kuwa picha hizo hufutwa zinaporekodiwa nyingine juu yake. Deni lilifutwa.

Kutozwa mara mbili kwa maegesho yaleyale ni jambo jingine. Kabla ya kulalamika, fungua orodha ya miamala yako kwa *165# ukiwa MTN au *185# ukiwa Airtel, ulinganishe namba za miamala. Ujumbe mbili zenye namba moja ni malipo mamoja yaliyoarifiwa mara mbili. Namba zikiwa tofauti na salio limepungua mara mbili, muulize msimamizi kama amepokea zote. Akiwa amezipokea, kurejesha ni wajibu wake. Ikiwa moja haikumfikia, hapo ndipo kampuni ya mtandao inapopaswa kuitafuta, na ikikataa, malalamiko yaende Benki Kuu ya Uganda, ambayo ndiyo msimamizi wa huduma za malipo chini ya sheria ya mwaka 2020. Benki hiyo, hata hivyo, haiamui kama saa za maegesho zilihesabiwa vibaya.

Kwa wasimamizi wa maegesho nina ombi moja. Kila kizuizi kinapoinuliwa kwa mkono, mlinzi aandike namba ya gari na saa daftarini, na kabla ya kufunga kazi jioni mhudumu afunge hesabu za magari hayo yote kwenye mfumo. Pasipo daftari hilo, dereva ndiye anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha kwamba aliondoka, ilhali aliyemfungulia mlango alikuwa mfanyakazi wao wenyewe.

Dereva,
Ntinda, Kampala