Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wauzaji wa Alizeti na Nafaka, Dodoma

Ndugu Mlezi wa Chama, ndugu wajumbe wa kamati, ndugu wanachama, habari za asubuhi.

Nianze na yale mnayoyajua. Tumefanya vikao vinne vya kamati, tumelipa pango la ofisi, tumefiwa na wanachama wawili na rambirambi zimefika. Leseni imehuishwa. Turubai mbili mpya zimenunuliwa, moja bado ipo. Tumesafirisha safari 74, karibu zote za Dar es Salaam, chache za Morogoro. Wanachama ni 61, waliolipa ada ya mwaka ni 27, na humu ndani nimehesabu watu 33, wakiwemo wawili waliokuja kuuliza njia. Mkutano wa mwezi wa tatu tulikuwa 19, akidi haikutimia, tukanywa soda tukaondoka. Nitalirudia hili mwishoni.

Nije kwenye jambo lililotugawa, yaani uamuzi wa kutomlipa msafirishaji mpaka picha ya weibili na ya tiketi ya mizani ifike ofisini na kulinganishwa na jedwali la viwango. Najua yanayosemwa vijiweni. Inasemwa mwenyekiti amewaudhi wenye magari, na kwamba kwa ajili ya picha za simu mzigo wa watu ulilala siku nne mwezi wa sita. Ni kweli mzigo ulilala. Naomba nieleze, halafu mnihukumu.

Mkataba wetu na msafirishaji una jedwali la ukurasa mmoja. Kwa safari inayozidi kilomita 300 tunalipa shilingi 140 kwa kila tani kwa kila kilomita. Uzito ni uzito halisi wa mzigo kwa mizani, na gari likibeba chini ya tani 15 linalipwa kama limebeba 15. Umbali ni ule ulioandikwa kwenye jedwali, na Dodoma hadi Dar ni kilomita 450. Kwa hiyo tani moja ya Dar ni 140 mara 450, sawa na shilingi 63,000. Mwanachama yeyote anaweza kuikumbuka hiyo namba bila karatasi.

Miaka yote tulikuwa tunapokea ankara, tunaona jumla, tunanung'unika, tunalipa. Weibili zenyewe zilibaki kwenye gari, na ikifika siku ya kubishana nakala yetu ilikuwa imefungiwa maandazi.

Sasa chukueni safari moja ya mwezi wa sita, semi ya magunia 240 ya alizeti. Ankara ilikuja shilingi 1,306,368. Karani aliweka picha tatu mezani: weibili, tiketi ya mizani ya kupakilia, na jedwali. Kwenye tiketi, gari tupu kilo 16,840, gari na mzigo 32,460. Ukitoa, mzigo ni kilo 15,620. Kwenye ankara mzigo ulikuwa kilo 19,200. Zilitoka wapi? Karani aligawa 19,200 kwa magunia 240, akapata 80 kamili. Hapo ndipo tulipoelewa. Ofisi ya msafirishaji haikuangalia mizani kabisa, ilihesabu magunia na kukadiria kilo 80 kila moja. Gunia la alizeti, ninyi mnalijua kwa mabega yenu, ni kama kilo 65, kwa sababu mbegu ile ni nyepesi. Gunia hilohilo ukilijaza mahindi linafika 100. Uzito unaogawanyika kwa idadi ya magunia bila kubaki hata kilo moja, mara nyingi umekadiriwa. Mizani haiwezi kuwa na adabu kiasi hicho.

Umbali nao ulikuwa kilomita 486. Dereva alikuwa amesoma mita ya gari, akaanzia yadi ya tajiri wake, akapitia ghalani, akaenda Dar na kuzunguka kutafuta ghala la mpokeaji. Sisi hatulipi mizunguko hiyo. Inaanza 450, inaisha 450.

Tukikokotoa sawasawa, tani 15.62 mara 63,000 ni shilingi 984,060. Tofauti ni 322,308 kwa gari moja. Kati ya hizo, 225,540 ni za uzito na 96,768 ni za kilomita. Nimezitenganisha makusudi, kwa sababu kuna waliosema kosa lote ni la dereva na mita yake. La dereva ni dogo. Kubwa limetoka ofisini.

Nisimwonee msafirishaji. Hoja yake alinieleza uso kwa uso: alizeti inajaza bodi kabla haijajaza mizani, na gari lililojaa haliwezi kubeba kingine. Ni hoja ya kweli. Ndiyo maana kwenye mkataba kuna ile tani 15 ya chini, ambayo niliipigania mimi mwenyewe mwaka juzi wakati wengine mmesinzia. Akitaka kulipwa kwa nafasi badala ya uzito, tukae tuandike. Lakini huwezi kusaini uzito ukatoza nafasi.

Kuna mwanachama aliuliza kwa nini tusitumie tiketi za mizani ya TANROADS, maana gari linapimwa pale Vigwaza bila sisi kulipia. Pale wanapima ekseli na uzito wote wa gari, kuilinda barabara. Tiketi yao haikuambii mzigo peke yake. Lakini inafaa kama shahidi. Gari lile lile Vigwaza lilisoma 32,310, pungufu kilo 150 ya tulivyopima Dodoma. Dizeli iliyoungua njiani inatosha kueleza hizo kilo 150. Ingepungua tani nzima, tungeuliza magunia yameshukia wapi.

Sasa nije kwenye siku nne. Hili nalisema kwa sababu litasemwa hata nisiposema. Safari nyingine ya wiki ileile, picha ya weibili ilikuja mbaya. Ni ile nakala ya tatu, ya bluu, wino wa kaboni umepauka, na tanboi aliipiga ikiwa juu ya goti, kivuli cha simu kikiangukia katikati. Uzito ulisomeka kilo 16,340. Tukalipa kwa huo. Msafirishaji akaja juu: mzigo ulikuwa kilo 18,340. Tulikuwa tumemkata tani mbili, shilingi 126,000, na yeye akasimamisha magari mawili msimu ukiwa umepamba moto. Wengi mmesema karani hajui kazi. Siku hiyo karani alikuwa msibani, aliyesoma ile picha ni mimi. Macho yangu ni ya umri wangu. Lakini pia ukweli ni kwamba 8 ya kaboni iliyopauka na 6 ni ndugu.

Kosa lile lingeonekana kwa kutoa tu. Weibili ileile ilikuwa na gari tupu 17,100 na gari na mzigo 35,440. Ukitoa unapata 18,340, haiwezekani ikawa 16,340. Namba tatu zinalindana, ukisoma moja vibaya mbili zinakusuta. Mimi nilisoma moja nikaacha mbili. Fedha zilirudishwa siku ya pili, magari yakarudi siku ya nne. Tangu hapo hakuna uzito unaoingia daftarini kabla ya kutoa na kupata jibu lilelile, hata kama picha inang'aa kama kioo.

Na picha zenyewe tumezipangia utaratibu. Weibili inawekwa juu ya kitu bapa, kivulini, siyo juani wala kwa tochi ya simu, maana mwanga ukirudi unafuta namba. Pembe zote nne zionekane, pamoja na namba nyekundu ya juu, kwa sababu tumewahi kupata picha nzuri sana ya weibili isiyojulikana ni ya safari ipi. Inapigwa mara mbili: gari likiwa limepakia na halijaondoka, na baada ya mpokeaji kusaini na kuandika upungufu kama upo. Ile ya kwanza ndiyo inayotuokoa, maana tumeona weibili ambayo uzito umeongezwa tarakimu njiani kwa kalamu tofauti. Kwenye WhatsApp itumwe kama dokumenti, siyo kama picha ya kawaida, kwani ikitumwa kawaida inabanwa na zile 3 na 8 zinafanana. Na kama haisomeki, tusikisie. Tumpigie dereva arudie kabla hajakunja karatasi.

Hesabu kwa jumla. Kati ya safari 74, picha kamili tulipata 68. Safari 23 zilikuwa na tofauti na jedwali, na tulichopunguza kwenye ankara ni shilingi 3,480,000. Tulichotumia ni simu 310,000 na posho ya karani 600,000 kwa mwaka. Makosa matatu yalikuwa ya kwetu, likiwemo langu, na yote tulilipa. Mhazini ana daftari, nendeni mkalione, msiishie kunisema.

Sisemi mfumo huu hauna tundu. Hautusaidii kama mizani yenyewe haijahakikiwa, na hautusaidii kama mwanachama anamwambia dereva "andika tu" kwa sababu ana haraka. Safari sita zisizo na picha, nne ni za wajumbe wa kamati. Sitataja majina, wanajijua.

Kuhusu mbele, tunatarajia kuzungumza upya na msafirishaji kiwango cha alizeti, pengine tukubaliane bei ya gunia baada ya kupima magunia kumi ya kila mzigo. Tunaangalia pia kama treni ya SGR inaweza kutufaa kwa mahindi, na Mungu akijalia tutapata mizani yetu wenyewe. Hayo yote yanahitaji fedha.

Na fedha ndiyo ada. Wanachama 34 hamjalipa, shilingi 20,000 kila mmoja, jumla 680,000. Hiyo ingelipa posho ya karani mwaka mzima na chenji ikabaki. Wapo kati yenu waliorudishiwa zaidi ya hiyo 20,000 kwenye gari moja tu, na wao ndio waliopaza sauti mzigo ulipolala. Chai na vitumbua viko nyuma ya ukumbi. Mhazini amekaa mlangoni na kitabu cha stakabadhi, na mlango wa pili nimeomba ufungwe.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti