Tangazo la sikukuu liseme mlango upi uko wazi

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu lile tangazo fupi la redioni la jioni, la kwamba kesho ni sikukuu na ofisi zitafungwa. Mara nyingi linamalizikia kwa "huduma muhimu zitaendelea kama kawaida." Sentensi hiyo inawaumiza watu.

Chukua mgonjwa wa kisukari mwenye miadi ya kliniki kesho, na dawa zake zinaishia kesho hiyo hiyo. Akisikia hospitali ziko wazi atadamka, apande gari, afike akute benchi tupu na mlango wa kliniki umefungwa. Wodi, chumba cha dharura na chumba cha kujifungulia havifungwi sikukuu. Kliniki za miadi ndizo husimama, na maabara au dirisha la dawa pengine hubaki na mtumishi wa zamu tu. Basi tangazo lile lile ni kweli kwa mama aliyeshikwa na uchungu, na linampotosha huyu wa kisukari. Hata benki, mashine ya kutolea pesa inaweza kufanya kazi huku kaunta zimefungwa.

Ninachoomba kinatosha ndani ya muda ule ule mfupi. Msomaji wa tangazo aseme hivi: "Kesho, Jumatano tarehe 14, ni siku ya mapumziko. Hospitali ya wilaya itapokea wagonjwa wa dharura na wanaojifungua, usiku na mchana. Kliniki zimefungwa, wenye miadi ya kesho waende Alhamisi. Ambaye dawa zake zinaisha kesho aende dirisha la dawa la dharura. Narudia: Jumatano tarehe 14, kliniki zimefungwa." Kurudia kuna maana, kwa sababu anayefungua redio katikati ya tangazo hana pa kurudi kusoma.

Lakini maneno hayo hayafai kusomwa kabla mwandishi wa zamu hajapiga simu hospitalini na kuuliza mambo mawili: kliniki zipi zimefungwa, na wenye miadi waje lini. Taarifa ya serikali haina majibu hayo, kwani yenyewe hutangaza siku tu. Hospitali ikisema dirisha la dawa nalo limefungwa, hilo litangazwe mapema, mgonjwa apate kufuata dawa zake kabla maduka hayajafungwa. Najua tangazo linaweza kuja usiku, hasa Idi inaposubiri mwezi kuandama. Hata hivyo hospitali ina mtu wa zamu usiku kucha.

Kuna pia suala la kanda. Tangazo lililorekodiwa saa 2 usiku likirushwa tena alfajiri bado linasema "kesho", na aliyeamka wakati huo anahesabu sikukuu siku moja mbele. Tarehe ikitajwa inamwokoa, ila ni afadhali zaidi taarifa ya alfajiri isomwe upya na kusema "leo, Jumatano".

Msikilizaji wenu wa kila siku