Risala ya Kikundi cha Wazalishaji wa Mbegu ya Mpunga kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mkulima Shambani, Wilaya ya Misungwi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu,
Mheshimiwa Diwani,
Ndugu Afisa Kilimo na wakaguzi wa mbegu,
Wazee wetu, wanakikundi na wageni waalikwa,

Mwangaluka!

Awali ya yote tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha salama katika mashamba haya ya kando ya ziwa. Tunakushukuru wewe kwa kukubali mwaliko wetu na, zaidi, kwa kufika wewe mwenyewe, maana zipo sherehe tulizoandaa tukaletewa mwakilishi asiye na mamlaka ya kutujibu.

Kikundi chetu kilianza kama umoja wa kukopeshana, kikageukia mpunga, kisha mbegu. Leo tuna mzani wetu, kabati la nyaraka, akaunti benki, na sifa iliyoenea ukanda mzima huu wa ziwa. Shule ya msingi jirani ilipata madawati kutokana na faida yetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunazalisha mbegu ya TXD 306, ambayo wengi tunaiita Saro 5. Ili ombi letu lieleweke, turuhusu tueleze mbegu hii inafikaje kwetu. Mtafiti wa aina husika huchagua masuke yenye sifa kamili na kupanda kila suke katika mstari wake peke yake. Mstari ukionyesha mmea mmoja ulio tofauti, mstari wote unatolewa, hata kama mingine iliyomo ni mizuri. Hiyo ndiyo mbegu ya mtafiti, nayo ni kilo chache tu. Ikipandwa inazaa mbegu mama, mbegu mama inazaa mbegu ya msingi, na mbegu ya msingi inazaa mbegu iliyothibitishwa anayouziwa mkulima. Sisi tunanunua mbegu ya msingi na kuzalisha iliyothibitishwa.

Kila ngazi inaongeza wingi. Kilo kumi zilizopandwa vizuri kitaluni zinatosha ekari moja, na ekari hiyo ikitoa magunia ishirini ya kilo mia, kilo kumi zimekuwa elfu mbili. Lakini kosa nalo linazaliana vivyo hivyo. Punje moja ngeni ikiota inatoa mamia ya punje, na msimu unaofuata kila moja ya hizo inatoa mamia yake. Ndiyo sababu masharti ni makali zaidi ngazi za juu, na ndiyo sababu mbegu hairuhusiwi kuzidishwa ngazi baada ya ngazi bila mwisho. Inabidi kurudi kwa mtafiti kuchukua upya.

Mkaguzi huanza na karatasi. Anataka lebo na risiti ya mbegu ya msingi, na anauliza msimu uliopita shamba lilipandwa nini, kwa sababu maotea ya aina nyingine huchomoza katikati ya mbegu yetu bila mtu kuyapanda. Anapima nafasi kati yetu na mpunga wa jirani. Mpunga hujichavusha wenyewe, hivyo mita tatu zinatosha, tofauti na mahindi yanayodai mamia ya mita. Kisha anarudi mpunga unapochanua, na mara nyingine kabla ya kuvuna.

Msimu uliopita, wakati wa kuchanua, mkaguzi alichagua vituo kumi shambani kwetu akahesabu mashina mia katika kila kimoja. Katika mashina elfu moja alikuta mawili marefu kuliko wenzake na yaliyochelewa kutoa suke. Mawili kwa elfu yanaonekana si kitu. Lakini ekari iliyopandwa kwa sentimita ishirini kwa ishirini ina mashina takribani laki moja, kwa hiyo mawili yale yalimaanisha mia mbili katika kila ekari. Alitupa nafasi ya kuyang'oa. Akina mama wa kikundi walipita mstari kwa mstari asubuhi, kabla jua halijawa kali na majani kupinda, wakang'oa na mizizi na kutoa nje ya shamba, kwa sababu ukikata juu tu shina linachipua tena. Aliporudi kabla ya mavuno, shamba lilipita.

Mheshimiwa, hapo ndipo uchungu wetu ulipo. Shamba lililopita lilikwenda kuharibikia kwenye mashine. Hatuna mashine yetu ya kupura, tunakodi. Mashine ile ilikuwa imetoka kupura mpunga wa aina ya zamani ambayo mchele wake ni mwekundu. Tulifagia nje na kuiendesha tupu kwa muda, lakini punje zilibaki nyuma ya chekecheo na chini ya pipa la kupuria, mahali ambapo kifuniko chake kimefungwa kwa riveti na hakifunguki. Mkaguzi alipokuja kuchukua sampuli alichoma magunia kwa bomba la sampuli, akamenya punje kiganjani mwake, akakuta nyekundu. Shehena yote haikupewa lebo wala lakiri. Tukauza kama chakula mpunga uliogharimu kama mbegu. Hatumlaumu mkaguzi hata kidogo. Angepitisha, wekundu ule ungekuwa leo katika majaruba ya nusu ya kata hii.

Kupura kwa mkono juu ya turubai tumejaribu. Ni safi, lakini ni polepole, na mvua ikitukuta na mpunga haujashuka hadi asilimia kumi na tatu ya unyevu, ukungu unaingia na uotaji unaanguka maabara, ambako punje mia nne huoteshwa na kuhesabiwa hadi siku ya kumi na nne.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu ni moja. Tunaomba mashine ndogo ya kupura, itakayotumika kwa Saro 5 peke yake, yenye vifuniko vinavyofunguka kwa bolti ili mkaguzi aone ndani kabla hatujaanza. Hatuombi kombaini. Kombaini ina pembe nyingi za kufichia punje, na kuisafisha ipasavyo ni kazi ya siku nzima. Pamoja na mashine tunaomba sakafu ya zege ya kuanikia, isiyo na nyufa, kwa sababu punje za msimu uliopita hujificha kwenye nyufa.

Tunasema kwa heshima yote kwamba ombi hili si jipya. Mgeni rasmi mmoja aliyesimama hapo ulipo aliahidi mashine hii kabla ya mvua za vuli, tukapiga naye picha. Mwingine aliahidi saruji, watu wakaja kupima eneo na kuchomeka vigingi. Vigingi vimeoza, saruji hatujaiona. Ahadi zote mbili zimo katika daftari letu la mikutano, na katibu amelibeba leo ukipenda kulisoma.

Nasi hatukukaa tu. Tumeshachimba msingi wa sakafu, tumesomba mchanga na kokoto, na tumefungua mfuko wa matengenezo ya mashine ambayo bado hatunayo. Tunachokuomba kabla hujaondoka ni mambo mawili: utaje tarehe, na utaje ofisa tutakayemfuata tarehe hiyo ikipita. Mpunga ulio mbele yako unaanza kuvunwa mwezi ujao.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu wa Kikundi, kwa niaba ya wanachama wote.