Hesabu ya ujauzito wako, anzia nyuma

Tanga,
Jumapili, 1 Machi 2026

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Picha ya kadi yako ya kliniki na ile karatasi ya altrasaundi nimezipata, nikazisoma usiku uleule. Hongera sana, Mungu akulinde wewe na huyo aliyemo. Umeniuliza trimesta ya pili inaanza lini kwako na ya tatu lini, kwa kuwa shemeji anakwambia tarehe zake, wifi zake, na kadi inasema jingine. Nakujibu kwa urefu kwa sababu Jumatano una kliniki, na tarehe hizi zinagusa dawa utakayopewa.

Kwanza tuamue tarehe ipi ya kujifungua tunaishika. Kwenye kadi, muuguzi ameandika hedhi yako ya mwisho ilianza tarehe 1 Desemba 2025, akaongeza siku saba, akarudi nyuma miezi mitatu na kuongeza mwaka mmoja, akapata 8 Septemba 2026. Hesabu hiyo ndiyo tunayoitumia sote kliniki, na haina ubaya kwa mwanamke anayeona siku zake kila baada ya siku 28. Wewe tangu tukiwa shule mzunguko wako ni mrefu, unapita siku 35. Yai lako hupevuka kwa kuchelewa, kwa hiyo mimba nayo iliingia baadaye kuliko kadi inavyodhani.

Altrasaundi ya Alhamisi, 12 Februari, imesema hivyohivyo. Mtoto alipimwa milimita 23 kutoka kichwani hadi matakoni, na karatasi ikaandika wiki 9 kamili, kujifungua 17 Septemba 2026. Kwa hesabu ya hedhi, siku ile ulitakiwa uwe na wiki 10 na siku 3. Tofauti ni siku 10. Ukiwa kati ya wiki 9 na 13, tofauti ikizidi siku 7 tunaiacha tarehe ya hedhi na kushika ya kipimo, kwa kuwa watoto wa umri huo bado wanalingana sana kwa ukubwa. Baadaye kila mmoja anakua kwa mwendo wake. Kwa hiyo ukipigwa altrasaundi nyingine mwezi wa saba ikakupa tarehe tofauti, usikubali ibadilishwe tena. Hapo mashine itakuwa inakueleza ukubwa wa mtoto, si umri wake. Yako ni 17 Septemba, imekwisha.

Sasa chukua kalenda ya ukutani. Mimba huhesabiwa wiki 40 mpaka siku hiyo. Trimesta ya kwanza ina wiki 14, ya pili 14, na ya tatu inabaki na 12. Hazilingani, na hapo ndipo wengi wanapotea. Tarehe 17 Septemba ni Alhamisi, basi shika Alhamisi tupu na uzipande kwenda juu. Ile ya tarehe 17 yenyewe usiihesabu. Ya kwanza ni tarehe 10, ya pili tarehe 3, unaingia Agosti, unapita Julai, ya kumi na mbili inaangukia 25 Juni. Hiyo ndiyo siku ya kuanza trimesta ya tatu, ukiwa umetimiza wiki 28. Panda Alhamisi nyingine 14, unafika 19 Machi: trimesta ya pili. Panda 14 tena, unafika 11 Desemba 2025, mwanzo wa yote. Zote ni Alhamisi kwa sababu tunarudi kwa wiki nzimanzima. Mtu akikuletea tarehe inayoangukia Jumanne, jua kuna mahali ameteleza.

Usishangae kwamba 11 Desemba si siku uliyoona damu. Hedhi yako halisi ilikuja tarehe 1, lakini kipimo kinakuhesabu kama vile ungekuwa na mzunguko wa siku 28. Ukianza kuhesabu kutoka tarehe 1 kwenda mbele, huku kujifungua umeandika 17 Septemba, mimba itakutokea ya wiki 41 na ushee, na trimesta zote zitakaa kombo. Ndiyo maana nakwambia anzia nyuma.

Shemeji yeye ametoa miezi. Kutoka 17 Septemba ametoa mitatu akapata 17 Juni, akatoa mitatu tena akapata 17 Machi. Mpe pole, wengi wanafanya hivyo, ila miezi mitatu ile ya Juni hadi Septemba ina siku 92, na trimesta ya tatu ina siku 84. Ndiyo maana amewahi kwa siku 8. Ile ya Machi imekosea siku 2 tu, na ni bahati ya urefu wa miezi, si usahihi wa njia.

Wifi naye amesema 12 Machi, na sitampinga. Vipo vitabu vinavyoianza trimesta ya pili ukitimiza wiki 13, vingine wiki 14. Mimi nashika 14 kwa sababu ndiyo madaktari wengi wa uzazi wanayoitumia. Chunga tu jambo moja: mtu akikwambia uko wiki ya 14, muulize kama umetimiza 14 au umetimiza 13 na unaitembea ya kumi na nne. Hizo ni siku saba tofauti, na kliniki nimeona zikichanganywa mara nyingi.

Sasa Jumatano. Dawa ya SP ya kukinga malaria, ambayo wajawazito wetu wanapewa kliniki, Shirika la Afya Duniani linasema isianze kabla ya wiki ya 13, kisha dozi zipishane mwezi mmoja au zaidi. Tarehe 4 Machi, kwa tarehe ya zamani iliyo kwenye kadi, utaonekana umetimiza wiki 13 na siku 2, na muuguzi atakupa vidonge vitatu uvimeze palepale bila wasiwasi. Kwa tarehe ya kweli utakuwa na wiki 11 na siku 6. Nenda, tena usikose, upimwe damu, presha na mkojo, uchukue vidonge vya damu. Lakini kabla ya yote mpe karatasi ya altrasaundi, umuombe akate 8 Septemba na kuandika 17 Septemba kwa kalamu mahali panapoonekana. SP mwombe akupangie kuanzia 12 Machi au baada ya hapo, na mpaka siku hiyo usiache kulala kwenye chandarua hata usiku mmoja. Dawa ya minyoo nayo isubiri mpaka trimesta ya kwanza iishe.

Akisita, usigombane naye, mwombe tu amwite daktari aione karatasi. Ni haki yako, na kadi ikisahihishwa mapema itakufaa mwezi wa tisa, maana ikibaki 8 Septemba watakuona umepitiliza tarehe wakati mtoto bado ana siku zake, waanze kuzungumza habari za kukuanzishia uchungu.

Nipigie Jumatano jioni ukishatoka, nitakuwa nimeshamaliza zamu. Msalimie mama, mwambie kanga zake nitampa mjumbe anayekuja mwisho wa mwezi.

Wako akupendaye,
shoga yako wa Tanga