KUH: Kuvu kwenye kuta za chumba cha kulala, Nyumba B4

Mpangaji, Nyumba B4,
Manyatta, Kisumu.
14 Mei

Kwa Meneja,
Ofisi ya Usimamizi wa Nyumba.

Bwana Meneja,

Chumba cha kulala cha nyumba hii kina kuvu kwenye kuta mbili, na kila ukuta una chanzo chake. Nazitenganisha kwa sababu ukuta mmoja nimeumaliza mwenyewe, ila wa pili hauwezi kupona kwa kusafishwa.

Wa kwanza ni ule wa ndani, nyuma ya kabati. Pale kuvu ilikuwa madoadoa meusi karibu na dari, kwenye kona isiyopata hewa. Huo ni unyevu wa chumbani: pumzi za usiku na nguo mbichi hufanya hewa iwe na mvuke, nao hugeuka maji ukigusa ukuta baridi. Nimelivuta kabati mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, nguo naanika nje, na dirisha hufunguliwa kila asubuhi.

Wa pili ni ukuta wa nje, upande wa nyuma ya ploti. Hapa kuvu huanzia sakafuni na kupanda hadi sentimita 70 hivi. Juu yake kuna mstari wa unga mweupe kama chumvi, na plasta ya chini imelegea. Ukiigonga kwa kidole inalia tupu. Unga huo ni chumvi iliyokuwa ndani ya matofali na saruji. Maji huiyeyusha, huibeba hadi usoni mwa ukuta, kisha hukauka na kuiacha pale. Mvuke wa chumbani hauleti alama ya namna hiyo.

Kuta zote mbili zilisafishwa kwa njia moja. Kwanza nilizilowesha kwa maji ya sabuni ili vumbi la kuvu lisipeperuke, nikasugua kwa brashi na kupangusa kwa vitambaa ambavyo nilivitupa. Kisha nilipaka jiki, kikombe kimoja kwa lita nne za maji, nikaiacha dakika kumi, nikasuuza na kukausha kwa feni, madirisha yakiwa wazi. Nilivaa glavu na barakoa, na sikuichanganya jiki na dawa ya choo wala kitu kingine, maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Ukuta wa ndani umebaki safi. Wa nje ulirudisha kuvu pale pale, kuanzia chini. Jiki huua kilicho juu ya plasta tu. Mizizi iliyo ndani hubaki hai maadamu inapata maji.

Ili kuondoa ubishi, nilibandika karatasi ya nailoni kwenye ukuta huo wa nje, pande zote nne zikifungwa kwa selotepu pana, nikaiacha siku mbili. Upande unaotazama chumba ulikuwa mkavu, na matone yalikuwa nyuma, kati ya nailoni na ukuta. Kama shida ingekuwa hewa ya chumbani, ingekuwa kinyume chake.

Maji hayo yanakotoka panaonekana kwa macho. Bomba la gata limevunjika juu kidogo ya ardhi, kwa hiyo maji ya paa lote la nyuma humwagika kwenye msingi. Tena udongo uliochimbwa wakati wa kutengeneza choo ulirundikwa hapo hapo, na sasa uko juu kuliko sakafu ya chumba, yaani umelipita tabaka la kuzuia unyevu lililowekwa chini ya ukuta. Ni ule udongo mweusi wetu wa Kisumu, unaoshika maji siku nyingi baada ya mvua kukatika.

Keteka wa ploti alikuja akaupaka ukuta huo wa nje rangi ya mafuta. Nia yake ilikuwa njema, lakini rangi hiyo huziba ukuta, na unyevu ukikosa pa kutokea husukuma. Tayari imefura malengelenge na kubanduka.

Naomba kazi ifuate mpangilio huu. Bomba la gata lirekebishwe na maji yaelekezwe kwenye mtaro. Udongo uondolewe mpaka uwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu. Baada ya hapo plasta iliyooza ibanduliwe, ikipita mstari wa chumvi kwa sentimita 30, na matofali yaachwe yakauke kabla ya kupigwa plasta mpya. Hilo la mwisho huenda likachukua miezi, na niko tayari kuishi na ukuta ulio wazi kwa muda huo. Rangi iwe ya maji. Fundi akianza na plasta kabla ya gata, gharama hiyo mtailipa tena mvua za Oktoba.

Gata na udongo ni kazi ya siku moja, na naomba ikamilike kabla ya tarehe 28 Mei, kwa kuwa mvua bado zinanyesha. Nimeambatisha picha za kuta zote mbili, futi ya kupimia ikionekana, na za bomba lililovunjika. Fundi anaweza kuja Jumamosi yoyote kuanzia saa tatu asubuhi, nitakuwepo kumfungulia.

Wako mwaminifu,
Mpangaji, Nyumba B4