Kabla ya kupima shamba Jumamosi

Habari zenu wote. Naomba tuelewane kuhusu ramani ya jaribio letu la mbolea kabla hatujapigilia vigingi.

Tuna viwango vinne vya naitrojeni kwenye mahindi: 0, 40, 80 na 120 kg kwa hekta. Kila kiwango kitarudiwa mara nne, yaani ploti 16 katika bloku nne. Shamba letu lina mteremko, na rutuba na unyevu hukusanyika chini. Kwa hiyo kila bloku itakatisha mteremko kufuata kontua, ili ploti zake nne ziwe kwenye udongo unaofanana. Tukizipanga bloku kushuka na mteremko, tofauti ya juu na chini itaingia ndani ya kila bloku na kuchanganyika na athari ya mbolea. Hapo hesabu haituokoi.

Kura tupige upya kwa kila bloku: karatasi nne kwenye kofia, toa, andika, rudisha zote, changanya. Mpangilio mkiuona "haupendezi", msiubadilishe. Tafadhali sana, hilo ndilo linaloharibu majaribio mengi ya wanafunzi.

Ploti ni mita 3 kwa 3, mistari minne ya sentimita 75. Tutavuna miwili ya katikati tu, kwa sababu ile ya pembeni hufyonza mbolea ya jirani. Urea ina naitrojeni asilimia 46, hivyo ploti ya kiwango cha 80 inapata gramu 157. Wenye mizani ndogo waje nayo.